Barua ya wazi: Amfo mmetuletea, sasa tupimieni itrakonazo iliyomo kwenye damu

Kwenu wakuu wa mipango ya Ukimwi, wasimamizi wa bohari za dawa, na nyie mnaosaini bajeti za maabara,

Salamu nyingi. Mimi ni mfamasia wa wodi, kazi yangu ni kuchanganya dripu, kuhesabu dozi na kuwauliza wagonjwa maswali ambayo wengine hawana muda nayo. Nasema ombi langu hapa juu kabisa kwa sababu najua barua ndefu huwa zinasomwa aya ya kwanza tu: mgonjwa wa histoplasmosisi mwenye VVU iliyofika mbali, akishatoka kwenye amfoterisini, ile dawa ya fangasi ya dripu tunayoiita amfo, na kuanza itrakonazo, dawa ya fangasi ya kumeza, apimwe kiwango cha hiyo itrakonazo kwenye damu baada ya kama wiki mbili, na hela ya kipimo hicho itoke kwenye bajeti ileile inayonunua dawa. Isiwe fadhila ya daktari mwenye rafiki maabara. Ni hilo tu, yanayofuata ni sababu zake.

Kwa wale ambao hawakai wodini, ugonjwa wenyewe ni fangasi anayeishi kwenye udongo hasa wenye kinyesi cha popo na ndege, mtu anavuta vumbi lake, na mwenye kinga nzima mara nyingi hata hajui kama ameupata. Ila CD4, yaani hesabu ya seli za kinga, ikishuka chini ya 150 fangasi anatoka kwenye mapafu anasambaa mwili mzima, anaingia kwenye ini, wengu, tezi, uboho wa mifupa, ngozi. Sasa ukimwangalia mgonjwa kitandani unaona nini? Homa za wiki nyingi, kukonda, kikohozi, damu pungufu, tezi zimevimba. Yaani TB mtupu! Na ndo maana wengi wanaanzishiwa dawa za TB hata kama makohozi na mkojo wao havijaonyesha TB yoyote, na siwalaumu wanaofanya hivyo manake mgonjwa anaisha mbele ya macho yako na huna kipimo kingine mkononi. Kipimo kipo lakini, antijeni ya Histoplasma, yaani kipande cha fangasi huyo, kwenye mkojo, na Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha yake ya vipimo muhimu mwaka 2019. Inayobaki ni nyie kuinunua.

Mbona naongelea TB wakati barua ni ya itrakonazo? Kwa sababu ya rifampisini. Rifampisini inaliamsha ini lifanye kazi ya kuvunjavunja dawa kwa kasi kubwa, na itrakonazo ni mojawapo ya zile zinazoumia vibaya sana, unaweza kumpa mgonjwa dozi kamili na maabara ikaleta majibu kwamba hakuna kitu. Na ukiisimamisha leo ini halitulii leo, linachukua kama wiki mbili hivi. Hilo la wiki mbili naomba mlikumbuke, tutalirudia.

Niwape mfano mmoja, mgonjwa nimemuunganisha kutoka kwa wa aina yake ninaowahudumia ili asitambulike mtu. Mwanaume, kilo 48, CD4 yake 22, ARV aliacha zamani. Amekuja na homa, vidonda mdomoni, wengu mkubwa, damu zote zimeshuka kuanzia nyekundu, nyeupe mpaka chembe sahani. Ana wiki tatu kwenye dawa za TB na hajapata nafuu yoyote. Vipimo vya TB vyote havina kitu, antijeni ya mkojo ikarudi chanya tena kwa nguvu. Presha iko chini na oksijeni haikai vizuri, kwa hiyo huyu ni mgonjwa mkali, wa amfoterisini, vidonge peke yake havimtoshi.

Mwongozo wa 2020 wa Shirika la Afya Duniani pamoja na lile la nchi za Amerika unasema wazi: amfoterisini ya liposomu, ile iliyofungwa ndani ya vipunje vya mafuta, miligramu 3 kwa kila kilo kwa siku, wiki mbili. Kwake ni 144, yaani vichupa vitatu vya miligramu 50 kila siku, siku 14 ni vichupa 42. Nimewaandikia hesabu hii kwa makusudi, kwa sababu bohari zinaagiza amfo kwa makadirio ya wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo ya kriptokoka, ambao siku hizi wengi wanapewa dozi moja kubwa ya mara moja, halafu akija mgonjwa mmoja tu wa histoplasmosisi anamaliza stoo na tunaanza kupigiana simu usiku. Utafiti wa dozi moja kwa histoplasmosisi umeshaanza kufanyika Brazili na dalili zake ni nzuri, ila bado haujabadilisha mwongozo, kwa hiyo msipange stoo kama vile umeshabadilisha.

Liposomu ikiisha tunarudi kwenye ile ya zamani ya deoksikolati, dozi 0.7 mpaka 1 kwa kilo. Kwa jamaa wetu ni kati ya miligramu 34 na 48. Hapa naomba mnisikilize kwa makini. Dawa hizi mbili zote zinaitwa amfoterisini, zote zina kichupa cha miligramu 50, zote ni unga wa njano. Mtu akisoma cheti kilichoandikwa "amfoterisini 144 mg" halafu akachukua kichupa cha deoksikolati, mgonjwa anapata mara tatu au nne ya dozi yake, na hiyo inaua, moyo unasimama. Sheria yetu wodini ni kwamba cheti kisichotaja aina ya amfo hakichanganywi, kinarudi kwa aliyeandika, na hata kama ni bosi atasubiri. Deoksikolati kwa siku haipiti miligramu 1.5 kwa kilo hata iweje. Mngeweza kutusaidia kwa kuziweka kwenye rafu tofauti na kuziandika kwa majina kamili kwenye mfumo wa stoo, haiwagharimu kitu.

Kama mnafikiri tofauti ya hizo mbili ni starehe tu, kuna utafiti uliochapishwa 2002 uliozilinganisha kwa wagonjwa wa Ukimwi wenye histoplasmosisi ya kati na kali. Waliopata nafuu kwenye liposomu walikuwa asilimia 88, kwenye deoksikolati 64. Waliofariki asilimia 2 kwa 13. Wagonjwa hawakuwa wengi, walikuwa 81 tu, lakini wodini tunaona kitu hichohicho: figo zinachoka, potasiamu inashuka, mgonjwa anatetemeka kama mwenye malaria dripu ikiwa katikati.

Potasiamu ndo inayoniumiza kichwa zaidi. Deoksikolati inafanya figo zivuje potasiamu na magnesiamu, kwa hiyo kabla ya dawa mgonjwa anapata lita moja ya maji ya chumvi yenye potasiamu milimoli 20 ndani, halafu anaendelea na vidonge vya potasiamu na magnesiamu, na kreatinini na chumvi za damu zinapimwa angalau mara mbili kwa wiki. Magnesiamu ikiwa chini utamjaza potasiamu mpaka uchoke na haitapanda. Halafu kuna kitu kidogo ambacho wageni wa wodi hawakijui, hayo maji ya chumvi yakibaki kwenye mpira wa dripu yanakutana na amfo na amfo inaganda, unaona ukungu na vipunje. Amfo inataka dekstrosi ya asilimia 5 peke yake, kwa hiyo mpira unasafishwa kwa dekstrosi kwanza. Sasa nyie mnatuletea amfo bila dekstrosi na bila potasiamu, mnasema dawa ipo. Dawa haipo hapo. Viunganisheni viwe agizo moja.

Haya, jamaa wetu alikaa siku 14. Dawa za TB zilisimamishwa siku ileile antijeni iliporudi, kwa kuwa hakukuwa na ushahidi wa TB popote, na hapa ndo ile wiki mbili inaporudi: amfoterisini haijali rifampisini, inafanya kazi yake tu, na wakati inafanya kazi ini linatulia taratibu, ikifika siku ya kuanza itrakonazo njia iko nyeupe. Lakini hili linawezekana tu kama mtu ameikata rifampisini mapema. Antijeni ikichelewa kurudi kutoka maabara ya mbali, siku 14 zinaisha huku rifampisini bado inaingia, na mgonjwa anaruhusiwa na vidonge ambavyo damu haitaviona. Na akiwa na TB ya kweli pamoja na histoplasmosisi, jambo ambalo linatokea, hapo inabidi wakae wataalamu wa pande zote mbili wapange dawa za TB zisizo na rifampisini au warefushe amfo. Rifabutini nayo sio njia ya mkato, inashusha itrakonazo pia, na yenyewe inapandishwa na itrakonazo mpaka macho yanaweza kuvimba ndani.

ARV alianzishiwa mapema bila kungoja mwezi uishe, kwani hakuwa na dalili za ubongo kuathirika. Alipewa mseto wenye dolutegravia, ambao hauigusi itrakonazo. Angewekwa kwenye efavirenzi hadithi ingekuwa nyingine, nayo inaishusha. Wenye ritonavia inakuwa kinyume, inaipandisha.

Itrakonazo yenyewe ni miligramu 200 mara tatu kwa siku kwa siku tatu, kisha 200 mara mbili kwa siku, kwa miezi 12. Kwa vidonge vya miligramu 100 ni vinne kila siku, mwaka mzima vinakaribia 1,460. Flukonazo, ambayo mnayo tele, haichukui nafasi yake, kwenye histoplasmosisi ni dhaifu na ugonjwa unarudi mara nyingi zaidi. Nasema hivi kwa sababu nimeona kituo kinabadilisha kimyakimya itrakonazo ikiisha.

Jamaa akaenda nyumbani anatembea, homa hamna, anakula. Wiki mbili baadaye akarudi kliniki, anasema yuko poa. Tukachukua damu. Majibu: 0.3. Tunachotaka ni angalau mikrogramu 1 kwa kila mililita. Yaani alikuwa na chini ya theluthi ya kinachohitajika, na kwa macho huwezi kujua, kwa sababu amfo aliyopewa wodini bado imemshikilia. Mtu wa namna hii hurudi baada ya miezi miwili mitatu na homa ileile, na faili lake linaandikwa "hakumeza dawa vizuri".

Alikuwa anameza. Tulikaa naye tukamwomba aeleze siku yake inavyoenda. Akasema vidonge anameza alfajiri akiamka, tumbo tupu, kwa sababu mtu fulani alimwambia dawa zinafanya kazi vizuri hivyo. Halafu akatoa mfukoni karatasi nyingine ya vidonge: omeprazo, alipewa kwenye kituo kingine kwa kiungulia. Basi hapo jibu lote limeshapatikana. Kidonge cha itrakonazo kinahitaji asidi ya tumbo na chakula ili kiyeyuke, omeprazo inaiondoa asidi, na tumbo tupu linamalizia. Ile ya maji ni kinyume, inanyonywa vizuri zaidi tumbo likiwa tupu, kwa hiyo hata sisi wenyewe tunachanganyana tukibadilishiwa aina katikati ya matibabu bila kuambiwa.

Tukasimamisha omeprazo, tukamwambia ameze katikati ya mlo kamili, mlo mkubwa wa siku na mwingine wa jioni, na siku ambayo tumbo limekataa chakula anywe na soda ya kola, asidi yake inasaidia. Dozi hatukuigusa. Baada ya wiki mbili tena: 1.4. Hakuna dawa mpya iliyonunuliwa, hakuna kulazwa tena, vichupa 42 vilivyotumika wodini havikwenda bure. Mrija mmoja wa damu na mazungumzo ya robo saa.

Najua mtasema kipimo chenyewe ni kigumu kukiendesha. Sio kigumu hivyo. Itrakonazo inakaa sana mwilini, ikishafika wiki mbili kiwango kimetulia, kwa hiyo damu inaweza kuchukuliwa saa yoyote mgonjwa akiwepo kliniki, haina haja ya kumwamsha usiku wala kungoja saa fulani baada ya dozi. Kama hospitali yenu haina mashine, tenganisheni damu, igandisheni sampuli na itumeni kwenye maabara moja kubwa inayohudumia eneo zima, majibu ya siku kadhaa bado yanafaa kwa dawa inayomezwa mwaka mzima. Kinachoharibu ni majibu ya miezi miwili.

Jambo moja tu kwa watu wa maabara, andikeni kwenye karatasi ya majibu mmepima kwa njia gani. Ini linaigeuza itrakonazo kuwa haidroksi-itrakonazo ambayo nayo inaua fangasi. Mashine nyingine zinatenganisha hizo mbili na kutoa namba mbili, ila kile kipimo cha kuotesha fangasi kwenye sahani kinazisoma zote kwa pamoja na namba yake inatoka kubwa mara kadhaa. Daktari akiona 3 ya sahani akadhani ni 3 ya mashine atamwacha mgonjwa ambaye dawa haimtoshi aende zake.

Na kipimo hakiangalii upungufu tu. Ikizidi sana, tuseme ikipita 4 hivi, madhara yanaongezeka: miguu inavimba, presha inapanda, potasiamu inashuka tena kama enzi za amfo, ini linalalamika. Mwenye moyo dhaifu itrakonazo inaweza kumpeleka kwenye moyo kushindwa kabisa. Wagonjwa walio kwenye ritonavia ndo wa kuangaliwa hapa, na kwao kupunguza dozi ukiwa na namba mkononi ni uamuzi, bila namba ni kubahatisha. Mgonjwa mwenye miguu iliyovimba na kiwango cha 6 sio sawa na mwenye miguu iliyovimba na kiwango cha 0.8, wa pili usimpunguzie, mtafutie sababu nyingine.

Kwa hiyo ninachotaka kwenye bajeti ni viwango viwili kwa kila mgonjwa kama kawaida: cha wiki mbili baada ya kuanza, na kingine wiki mbili baada ya chochote kubadilika, iwe ni ARV, dawa za TB, dawa ya tumbo, dawa za kifafa, au kiwanda cha vidonge. Hilo la kiwanda mnalisahau. Kampuni mpya ikishinda zabuni yenu, vidonge vinakuja vya rangi nyingine na hakuna anayetuambia, na itrakonazo sio dawa ambayo unaweza kudhani kila kidonge kinayeyuka sawa. Tena mtu akirudi na homa, kipimo kifanyike siku hiyohiyo pamoja na antijeni, ndo tutajua kama dawa imeshindwa au haijafika.

Mwisho wa mwaka nako msituachie tukisie. Mgonjwa anaweza kuacha itrakonazo akiwa amemaliza miezi 12, ARV zimefanya kazi na virusi havionekani, CD4 imepita 150, na hana dalili. Kwa anayetimiza hayo mengine yote mapema, mwongozo wa 2020 unaruhusu hata kufikiria chini ya miezi 12. Asiyetimiza anaendelea. Huyo wa kuendelea ndo ambaye stoo huwa imeshamtoa kwenye hesabu, kwa sababu kwenye karatasi zenu matibabu ni mwaka mmoja na mwaka umeisha.

Fomu ya kuombea kipimo nimeshaiandaa, ni ukurasa mmoja: uzito, dozi, aina ya itrakonazo kama ni kidonge au ya maji, anameza na chakula au la, dawa nyingine zote anazotumia, tarehe aliyoanza. Ilishapelekwa ofisi inayohusika mara ya kwanza na ikarudishwa kwa kuwa haina mstari wa gharama wa kuiwekea. Wekeni huo mstari, nitaileta tena.

Wenu,
Mfamasia wa wodi